Boksi lisilo na kifuniko: kuitoa fanksheni kwenye picha ya ukurasa

Picha imepigwa kwa simu. Ukurasa umepinda upande wa mshono wa kitabu, na kivuli cha mkono kimelala juu ya mistari miwili ya mwisho. Swali lenyewe, ukilitoa kwenye Kiingereza chake, linasema hivi: bati la mstatili lina urefu wa sm 45 na upana wa sm 24. Kwenye kila kona unakatwa mraba wenye upande x, kisha pande zinakunjwa kwenda juu ili kupata boksi lisilo na kifuniko. Tafuta x itakayolifanya boksi hilo liwe na ujazo mkubwa kuliko wote.

Maswali ya namna hii humkuta mwanafunzi wa Kidato cha Nne Kenya na wa Kidato cha Tano na Sita Tanzania, na kinachomkwamisha si kalkulasi. Ukimpa 4x³ atakurudishia 12x² kabla hujamaliza kuiandika. Shida ni kwamba ukurasa haukutoa 4x³ yoyote. Umetoa bati na mkasi, na ile fanksheni ambayo darasani huwa imeshaandikwa ubaoni, hapa lazima uiunde mwenyewe kwa maneno. Alama nyingi hupotea hapo, kabla ya derivativu kuingia.

Kabla ya kushika kalamu, soma picha kama mtu asiyeiamini. Angalia vitu vitatu tu: namba zote zinasomeka, vipimo viko kwenye uniti moja, na hakuna sentensi iliyoliwa na ukingo. Kama kuna mchoro, usiupime kwa rula kwenye kioo cha simu. Simu iliyoinamishwa huufanya mraba usionekane mraba, na hata kitabuni michoro mingi haikuchorwa kwa skeli. Chora wa kwako kwenye karatasi: mstatili, miraba minne kwenye kona, na mistari ya nukta mahali bati litakapokunjwa. Mchoro huo utautazama tena na tena, kwa hiyo uwe mkubwa wa kutosha kuandikia namba ndani.

Sasa jambo ambalo vitabu hulipita haraka mno: usianze na x. Anza na namba. Jifanye umeambiwa ukate sm 3 kila kona. Urefu wa bati ni 45, lakini umekata 3 ncha hii na 3 ncha ile, kwa hiyo kitako cha boksi kitabaki na urefu wa 45 − 6 = 39. Upana nao utakuwa 24 − 6 = 18. Na kimo? Kimo ni ule ukingo uliosimama baada ya kukunja, yaani sm 3 zilezile ulizokata. Ujazo ni 3 × 39 × 18, sawa na sentimita za ujazo 2106. Rudia kwa kukata 8: kitako kinakuwa 29 kwa 8, kimo 8, ujazo 1856. Kwa kukata 10, kitako ni 25 kwa 4 na ujazo unaporomoka hadi 1000.

Hesabu hizi tatu zinakuonyesha umbo la jibu kabla hujalitafuta. Ukikata kidogo unapata sinia: kitako kipana, kimo kifupi. Ukikata sana unapata mfereji mwembamba wenye kuta ndefu. Boksi kubwa kuliko yote liko katikati, na kwa kuwa 3 inatoa 2106 na 8 inatoa 1856, tunategemea jibu liwe karibu zaidi na 3 kuliko na 8. Shika makisio hayo, tutayahitaji.

Kisha rudi kwenye hesabu ya 3 na mahali popote ulipoandika 3 kwa sababu ya kukata, weka x:

```
V = x(45 − 2x)(24 − 2x)
```

Hiyo ndiyo fanksheni. Haikutoka kwenye fomula ya kukariri. Imetoka kwenye kitendo ulichokifanya kwa namba, na ndiyo maana ni vigumu kuikosea. Fungua mabano:

```
V = 4x³ − 138x² + 1080x
```

Usiendelee kabla ya kuijaribu. Weka x = 3: inatoka 108 − 1242 + 3240, sawa na 2106, ileile ya mwanzo. Kama isingetoka hivyo, kosa lingekuwa kwenye kufungua mabano, na ungelijua sasa badala ya kulijua kwenye majibu ya nyuma ya kitabu.

Lakini fanksheni hii bado haijakamilika, maana haijui kwamba bati ni bati. Ukiiuliza thamani yake kwenye x = 100, itakujibu bila aibu. Wewe ndiye unayepaswa kuiwekea mipaka. Kukata lazima kuwe zaidi ya sifuri. Na kwenye upana wa sm 24, ukikata 12 kila upande hakuna kitako kinachobaki. Upana ndio unaoamua hapa, si urefu, kwa kuwa ndio unaokwisha kwanza. Kwa hiyo x iko kati ya 0 na 12. Andika mstari huo kwenye karatasi ya majibu, usiuache kichwani.

Baada ya hapo kalkulasi ni fupi. Derivativu, yaani mteremko wa V kadiri x inavyobadilika, ni 12x² − 276x + 1080. Kwenye kilele mteremko ni sifuri. Gawanya kwa 12 upate x² − 23x + 90 = 0, nayo inavunjika kuwa (x − 5)(x − 18) = 0. Majibu ya mlinganyo ni mawili, 5 na 18, lakini jibu la swali ni moja. Ile 18 iko nje ya mipaka: huwezi kukata sm 18 mara mbili kwenye upana wa 24. Ukiilazimisha kwenye fanksheni utapata upana wa hasi 12 na ujazo hasi. Kwenye 5 kitako ni 35 kwa 14, na ujazo ni 5 × 35 × 14 = 2450. Inakaa palepale tulipokisia, kati ya 3 na 8 na karibu zaidi na 3.

Je, ni kilele kweli na si bonde? Unaweza kutafuta derivativu ya pili, 24x − 276, ambayo kwenye 5 ni hasi 156, na hasi maana yake ni kilele. Kwa swali hili kuna njia nyingine iliyo wazi zaidi: kwenye x = 0 ujazo ni sifuri, kwenye x = 12 ni sifuri, katikati ni chanya, na mteremko unafika sifuri mara moja tu ndani ya mipaka. Kitu kinachoanza chini, kikapanda, kikarudi chini, na kina sehemu moja tu ya kugeukia, hiyo sehemu ni kilele. Iandike hoja hiyo kwa maneno.

Fundi bati angesema bado kuna kasoro: hajaachiwa ukingo wa kuunganishia pembe. Ni kweli. Boksi la kitabuni lina pembe zinazogusana kwa mstari, bila unene wala kiungio.

Tukae kidogo kwenye kosa moja, kwa sababu linadanganya vizuri. Mwanafunzi anasoma haraka, anaona unakata x, anaandika 45 − x na 24 − x. Fanksheni yake ni x(45 − x)(24 − x). Derivativu inakuwa 3x² − 138x + 1080, anagawanya kwa 3, na tazama kinachotokea: x² − 46x + 360 inavunjika kuwa (x − 10)(x − 36). Safi kabisa. Anachukua 10, anapata ujazo wa 4900, anafunga daftari akiwa ameridhika. Namba kutoka nzuri hakukumsaidia kitu. Kilichokosekana ni kurudi kwenye bati: kata sm 10 ncha zote mbili za upana wa 24, kinabaki 4, si 14 kama fanksheni yake inavyodai. Boksi lake halisi lina ujazo wa 1000, chini ya nusu ya lile bora. Ukianza na namba kosa hili halipati pa kuingilia, kwa sababu mkono ukishaandika 45 − 3 − 3 unaona mara mbili hiyo kwa macho.

Namba nzuri zina matumizi yake lakini, na hapo picha mbaya inarudi. Tuseme kivuli kimeangukia upana na huna hakika kama ni 24 au 29. Kwa bati lenye pande a na b, mlinganyo wa mwisho huwa na jibu linaloandikika kama namba nzima au sehemu pale tu a² − ab + b² inapokuwa mraba kamili. Kwa 45 na 24 ni 2025 − 1080 + 576 = 1521, ambayo ni 39 × 39. Kwa 45 na 29 ni 1561, ambayo si mraba wa namba nzima, na x ingekuwa kama 5.75. Watunzi wa maswali hupenda jozi zinazotoka vizuri, kama 8 na 5, 15 na 8, au hizo zikizidishwa. 45 na 24 ni 15 na 8 mara tatu. Hii ni dalili tu, haithibitishi, kwa maana 45 na 21 nayo inatoka vizuri: x yake ni 4.5. Ukiweza, omba picha ipigwe upya, simu ikiwa sambamba na ukurasa na mwanga ukitoka ubavuni.

Na kwa kuwa karatasi haipangwi na mtunzi wa maswali, A4 haitoki vizuri. Vipimo vyake ni sm 29.7 kwa 21, na x bora ni takriban 4.04. Ukikata sm 4 kamili unapata sentimita za ujazo 1128.4, na ukikata 4.04 unapata kama 1128.5. Karibu na kilele mteremko ni mdogo sana, kwa hiyo kukosea nusu milimita hakuonekani. Kukosea sentimita nzima kunaonekana: ukikata 3 unapata 1066.5, ukikata 5 unapata 1083.5. Mkasi, gundi na mchele wa kujazia boksi vinatosha kujionea.

Sasa uzio. Mfugaji ana waya wa m 120 na anataka zizi la mstatili lililoegemea ukuta, kiasi kwamba upande wa ukuta hauhitaji waya. Zizi lenye eneo kubwa kuliko yote lina vipimo gani? Tofauti na bati ni kwamba hapa kuna vitu viwili visivyojulikana, na sentensi mbili zenye kazi tofauti. Moja inasema kinachotafutwa: eneo. Nyingine inasema kinachobana: waya ni 120, basi. Ukiona vitu viwili visivyojulikana, jua kwamba sharti lazima lipo mahali fulani kwenye maneno, na usipoliona, pengine limekatwa na ukingo wa picha.

Namba kwanza. Pande mbili zinazotoka ukutani ziwe m 20 kila moja. Zimekula 40, zimebaki 80 kwa upande unaotazamana na ukuta. Eneo ni 20 × 80 = 1600. Badilisha 20 kwa x: upande wa tatu ni 120 − 2x, na

```
A = x(120 − 2x)
```

Mteremko ni 120 − 4x, unakuwa sifuri kwenye x = 30. Upande wa tatu ni 60, eneo ni mita za mraba 1800. Waya umegawanyika nusu kwa nusu: 60 kwa pande mbili zinazotoka ukutani, 60 kwa ule sambamba na ukuta.

Aliyepitiwa na maneno ya ukuta ataandika 2x + 2y = 120, atapata mraba wa 30 kwa 30, na eneo la 900. Nusu kamili ya jibu. Hesabu yake haina kosa hata moja, ila amejenga zizi la mtu mwingine. Kwa hiyo kwenye mchoro wa uzio, koleza kwa kalamu zile pande pekee zinazokula waya, kisha zihesabu kwa kidole. Kama zizi limegawanywa ndani kwa uzio mwingine, nao ukoleze, maana unakula waya ingawa hauongezi eneo.

Kuna sentensi nyingine ambayo hupenda kukaa mwishoni mwa swali, palepale picha inapokatwa: ukuta una urefu wa m 50, na zizi halipaswi kupita ncha zake. Neno hilo halibadilishi fanksheni hata herufi moja. Linabadilisha mipaka. Upande wa sambamba, 120 − 2x, hauwezi kuzidi 50, kwa hiyo x haiwezi kupungua chini ya 35. Kilele chetu kilikuwa kwenye 30, ambayo sasa ni marufuku. Kuanzia 35 kwenda 60 eneo linashuka tu, kwa hiyo lililo kubwa liko mpakani kabisa: x = 35, zizi la 35 kwa 50, mita za mraba 1750. Mteremko hapo si sifuri, ni hasi 20, na bado ndilo jibu. Anayeamini kwamba jibu hupatikana kwa kuweka derivativu sawa na sifuri, bila kutazama ncha za mipaka, swali hili litampita.

Swali la aina ya tatu ni la boksi linalochanganywa mara nyingi na lile la bati. Swali linasema: boksi lisilo na kifuniko lina kitako cha mraba, na limetengenezwa kwa sentimita za mraba 1200 za kadibodi. Tafuta vipimo vya ujazo mkubwa kuliko wote. Hapa hakuna kona zinazokatwa na kutupwa. Hujui kadibodi ilikuwa na umbo gani, na hupaswi kujali. Unachojua ni kwamba nyuso zote zikijumlishwa ni 1200. Upande wa kitako uwe x, kimo kiwe h. Kitako kinakula x², na kila ukuta kati ya minne unakula xh. Sharti ni x² + 4xh = 1200, kinachotafutwa ni V = x²h.

Lazima mmoja kati ya x na h aondoke, na si sawa yupi. Ukijaribu kuiondoa x, unaingia kwenye mlinganyo wa kipeo cha pili na vipeuo vitakufuata hadi mwisho. Ondoa h, ambayo imekaa mahali pamoja tu: h = (1200 − x²) ÷ (4x). Iweke kwenye V, x moja inafutika, na kinabaki 300x − x³/4. Mteremko ni 300 − 3x²/4, sifuri kwenye x² = 400, kwa hiyo x = 20, h = 10, na ujazo ni 4000. Kimo kimekuwa nusu ya kitako, na hutokea hivyo kwa kila boksi la namna hii, kadibodi iwe 1200 au kiasi kingine chochote.

Likifutika neno linalosema juu ni wazi, sharti linakuwa 2x² + 4xh = 1200, na jibu linageuka kuwa boksi lenye pande sawa, kama sm 14.1 kila upande, ujazo wa 2828 hivi. Kwa hiyo ukipata x na h zinalingana kwenye swali la kitako cha mraba, rudi kwenye picha ukaulize kifuniko kiko wapi.

Dalili ya mwisho ni ya ajabu kidogo lakini ni ya kawaida kwenye madaftari: x = 0. Aliyeipata amechukua V = x²h na kutafuta derivativu papo hapo, akiichukulia h kama namba iliyotulia. Anapata 2xh = 0, na boksi lisilo na kitako. Lakini h haijatulia. Kadibodi ni ileile, kwa hiyo kila kitako kinapopanuka kuta zinafupika. Sharti linaingizwa kwanza, mteremko baadaye.